Ratiba ya Ramadhani imebadilishwa rangi, wazee hawaisomi

*Assalamu alaykum kaka. Mimi ni msanifu kwenye duka la kuchapisha hapa Mwembe Tayari. Kila mwaka tunatoa ratiba ya Ramadhani, ya ukutani na ya kutumiana kwa WhatsApp. Mwaka huu mfadhili ametaka rangi zake, feruzi na machungwa, badala ya buluu na maruni tuliyoizoea. Nimezibadilisha kwenye Inkscape na kwa macho yangu inapendeza. Lakini ami yangu anasema saa za Magharibi hazioni, na nambari ya simu ya chini "imeingia ukungu". Ni macho yake au ni kazi yangu? Na nitapimaje kabla hatujachapa?*

Wa alaykumu ssalam dada. Ni kazi yako, ila macho ya ami yako yamekuwahi kabla ya mashine ya kuchapa, na hiyo ni bahati. Nimelifungua faili ulilotuma pamoja na lile la mwaka jana, nikayaweka ubavu kwa ubavu. Mpangilio ni uleule, fonti ni zilezile, hata sentimita hujasogeza. Kilichobadilika ni rangi tu, na hapo ndipo maandishi manne yalipozama.

Nianze na lile lililonishtua zaidi, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yatakuja yenyewe. Kwenye mkanda wa juu umeandika neno MAGHARIBI kwa machungwa, `#F28C28`, juu ya feruzi, `#009999`. Kwa jicho zima rangi hizi mbili ni mbali kama Lamu na Vanga. Mtu akikuuliza kama zinatofautiana utamcheka. Lakini jicho halisomi herufi kwa jina la rangi, linasoma kwa tofauti ya mwangaza: hapa pana giza, hapa pana nuru, basi hapo ndipo ukingo wa herufi ulipo. Na kwa mwangaza, machungwa yako na feruzi yako ni ndugu wa tumbo moja.

Tazama kwa nini. Kila rangi ya skrini ni mchanganyiko wa nyekundu, kijani na buluu, lakini vitatu hivi havichangii mwangaza sawasawa. Kijani peke yake kinabeba kama asilimia 72, nyekundu 21, buluu 7 tu. Sasa, kwa kipimo cha 0 hadi 255, feruzi yako ina kijani cha 153, na machungwa yako ina kijani cha 140. Kile kinachobeba mzigo mkubwa kinakaribia kulingana. Nyekundu ya machungwa inaongeza mwangaza, lakini si wa kutosha kuzitenganisha, na buluu ya feruzi haibadilishi lolote la maana. Matokeo yake, mwangaza wa feruzi ni 0.251 na wa machungwa ni 0.378, kwa kipimo ambacho nyeusi ni 0 na nyeupe ni 1.

Uwiano wa utofautishaji unapatikana kwa hesabu hii moja, ambayo ndiyo iliyo ndani ya kila kipimio utakachotumia:

```
(L1 + 0.05) / (L2 + 0.05)
```

`L1` ni mwangaza wa rangi iliyo na nuru zaidi, `L2` wa ile yenye giza zaidi. Kwa hiyo ni 0.428 kugawanya kwa 0.301, unapata 1.42. Rangi moja juu ya nafsi yake inatoa 1, nyeusi juu ya nyeupe inatoa 21. Wewe uko kwenye 1.42. Neno lako lipo, lakini kwa mtu ambaye macho yake yamechoka ni kama limeandikwa kwa maji. Hata sisi wenye macho mazima tunaliona likicheza-cheza kwenye kingo, kwa sababu ubongo unapata tofauti ya rangi bila tofauti ya nuru na haujui mpaka uuweke wapi.

Kiwango kinachofuatwa duniani ni cha W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kile kinachoitwa WCAG. Maandishi ya kawaida yawe angalau 4.5, maandishi makubwa angalau 3, na anayetaka daraja la juu zaidi afike 7 kwa maandishi ya kawaida. Namba hizo hazikuokotwa njiani. Walianza na 3, kiwango cha chini kinachokubalika kwa mtu mwenye macho ya kawaida, wakazidisha kwa 1.5 kufidia hasara ya mtu anayesoma 6/12 kwenye ule ubao wa herufi wa kliniki. Hiyo 6/12 inachukuliwa kuwa hali ya kawaida ya mzee wa miaka 80 hivi. Ile 7 inamfidia mtu wa 6/24. Kwa hiyo 4.5 si ustadi wa ziada. Ni makadirio ya chini kabisa ya kile ami yako anachohitaji ili aone unachokiona wewe.

Kama ami ana mtoto wa jicho unaoanza, fikiria kioo cha gari kilichoganda chumvi ya bahari, nawe unaendesha jua likiwa usoni. Hakuna kilichozibwa, lakini nuru inatawanyika na kumwagika kila mahali. Nuru ya karatasi nyeupe inamwagikia herufi, na herufi inapauka. Iliyokuwa na tofauti kubwa inabaki na tofauti ya kutosha. Iliyokuwa na tofauti ndogo haibaki na kitu. Ndiyo maana anakwambia "ukungu", na ukungu ndio anaouona hasa.

Turudi kwenye kazi. Kosa ulilofanya ni lile ambalo karibu kila msanifu hulifanya, na Inkscape yenyewe inalirahisisha mno. Ulichagua kitu cha maruni, ukaenda `Edit > Select Same > Fill Color`, ukabadilisha vyote kwa mpigo. Halafu buluu vivyo hivyo. Tatizo ni kwamba maruni ya mwaka jana ilikuwa na kazi mbili. Ilikuwa pambo, ule mstari mwembamba unaozunguka ratiba, na ilikuwa wino wa tarakimu za safu ya Magharibi. Pambo likiwa machungwa hakuna anayeumia. Tarakimu zikiwa machungwa, mtu anakosa saa ya kufuturu.

Kwa hiyo usipime rangi, pima jozi. Chukua karatasi, pita kwenye ratiba kutoka juu hadi chini, na kila palipo na maandishi andika wino gani uko juu ya sakafu gani. Ratiba yako ina rangi tano tu, lakini mimi nilihesabu jozi tisa. Ukishaziandika, ingiza kila jozi kwenye WebAIM Contrast Checker, au kwenye programu ya Colour Contrast Analyser ambayo ina kidude cha kuchota rangi popote kwenye skrini. Dakika kumi zinatosha.

Jozi ya safu ya Magharibi nitaipitia pole pole, kwa sababu ndani yake pana mtego. Mwaka jana tarakimu zilikuwa maruni `#8B0000` juu ya nyeupe, uwiano 10. Mwaka huu ni machungwa juu ya nyeupe, uwiano 2.45. Umeshuka hadi robo. Lakini si hivyo tu, kwa sababu mistari yako inapishana: siku moja nyeupe, siku ya pili feruzi iliyopauka, `#D9F0F0`. Kwenye mistari hiyo ya pili uwiano ni 2.07. Nusu ya mwezi mzima inasomeka vibaya kuliko nusu nyingine, na mtu akijaribisha kwa kutazama tarehe moja tu anaweza kuikosa ile mbaya.

Kishawishi kitakachokujia ni kuiongezea machungwa giza mpaka ipite. Nimejaribu kwa niaba yako. `#B35900` juu ya nyeupe inatoa 4.83, imepita, ukachekelea. Juu ya mstari wa feruzi iliyopauka inatoa 4.07, imefeli. Ukishuka zaidi hadi `#994D00` unapata 6.15 kwenye nyeupe na 5.17 kwenye mstari, zote salama. Ila iangalie hiyo rangi: ni kahawia. Mfadhili akiiona atasema hukumpa machungwa yake bali umempa kahawa ya tende, na hatakuwa amekosea.

Njia niliyoipenda mimi ni kugeuza. Acha machungwa iwe sakafu, usiifanye wino. Safu nzima ya Magharibi ipake `#F28C28`, kutoka tarehe mosi hadi ya mwisho, bila mistari ya kupishana, na tarakimu ziwe nyeusi. Nyeusi juu ya machungwa hiyo ni 8.56. Mfadhili anapata rangi yake kubwa kuliko alivyoomba, na ami anapata saa yake. Usije ukaandika nyeupe juu ya machungwa. Najua mkono utakupeleka huko, maana mabango mengi ya mjini yameandikwa hivyo. Ni 2.45 ileile, kwani uwiano haujali nani wino na nani sakafu. Ukiona nyeusi ni nzito mno kwako, ile buluu ya mwaka jana, `#1F3A5F`, inatoa 4.68 juu ya machungwa. Inapita, lakini kwa upenyo.

Jambo la pili lilijificha, na ndilo lililowahi kuniumbua mwenyewe. Chini ya kichwa cha ratiba una mstari mdogo unaosema saa hizi ni za Mombasa na vitongoji vyake. Ukiubofya, `Fill` inasema nyeupe, `#FFFFFF`. Nyeupe juu ya feruzi yako ni 3.49, haitoshi kwa maandishi madogo. Ila hata hiyo 3.49 si kweli. Fungua faili kwa kihariri cha maandishi na utafute neno `opacity`, utakuta hiki:

```
<text fill="#ffffff" opacity="0.8">
```

Aliyesanifu ratiba ya kwanza aliyapunguza maandishi hayo yawe asilimia 80, ili sakafu ipenyeze kidogo na yasishindane na kichwa. Juu ya ile buluu iliyoiva haikudhuru: uwiano ulikuwa 8. Juu ya feruzi, nyeupe iliyopenyezwa inageuka `#CCEBEB`, na uwiano wa kweli ni 2.77. Hakuna aliyeigusa hiyo 0.8. Ilikuwa imekaa pale miaka yote bila kelele, mpaka sakafu ilipobadilika.

Mimi yalinikuta kwenye bango la duka moja la dawa. Nilipima kila jozi kwa namba zilizoandikwa kwenye `Fill`, nikamhakikishia mwenye duka kwamba zote zimepita, tukachapa. Maelekezo ya dozi hayakusomeka hata kwa kijana. Maandishi yalikuwa na `Opacity` yake, na kundi zima lilikuwa na yake, na hizi mbili zinazidishana: asilimia 80 ndani ya kundi la asilimia 90 inakuwa 72. Tangu siku hiyo sipimi kilichoandikwa kwenye faili, napima kilichoonekana. Natoa PNG kwanza, naifungua, naikuza mpaka nione pikseli mojamoja, ndipo nachota rangi.

Kuchota nako kuna adabu yake. Ukichota kwenye ukingo wa herufi utapata rangi ya katikati, kwa sababu kompyuta hulainisha kingo kwa kuchanganya wino na sakafu. Nenda katikati ya mguu wa herufi, pale ulipo mnene. Na kama fonti ni nyembamba kiasi kwamba hata katikati hupati pikseli moja iliyo safi, hilo nalo ni jibu: kwa ukubwa huo herufi haifikii rangi uliyoichagua, na kipimio chochote kitakupa namba nzuri kuliko hali halisi. Mnenepeshe mguu, au ukuze maandishi. Kwa mstari wako ule mdogo, ondoa 0.8 kabisa na ushushe feruzi ya mkanda iwe `#006666`. Nyeupe kamili juu yake ni 6.79. Kama mfadhili atang'ang'ania `#009999` yake, basi andika kwa nyeusi, 6.02. Nembo yake iache ilivyo, kiwango chenyewe kinazisamehe nembo.

Sasa ule ukungu wa chini. Mkanda wa chini unafifia, kushoto `#009999`, kulia `#66CCCC`, na nambari ya simu ya kamati imeandikwa kwa nyeupe ikielekea upande wa kulia. Kushoto uwiano ni 3.49, kulia kabisa ni 1.90. Yaani tarakimu za mwanzo za simu zinaonekana kidogo na za mwisho zinayeyuka, na nambari ya simu haina faida ukiipata nusu. Kwenye rangi inayofifia pima pale pabaya zaidi, usichukue wastani. Nikajaribu kuibadilisha nyeupe kwa buluu `#1F3A5F`: kulia inatoa 6.06, safi, lakini kushoto inashuka 3.29. Nyeupe haifai popote kwenye mkanda huo, na buluu inafaa upande mmoja. Nyeusi ndiyo inayovuka mkanda mzima, 6.02 kushoto na 11.07 kulia. Ama uondoe kufifia, uweke rangi moja tu, ambalo kwa maoni yangu lingekuwa bora hata bila habari ya macho ya wazee.

Niliposema maandishi makubwa yanaruhusiwa 3, ngoja nikuwahi kabla hujaupitia mlango huo. Makubwa maana yake ni pikseli 24 kwenda juu, au takriban 19 yakiwa ya kukoza. Wewe kwenye faili una tarakimu za pikseli 40, ukasema hizi ni kubwa mno. Lakini picha yako ina upana wa pikseli 1080, na simu za kawaida zinaihesabu skrini yao kuwa na upana wa 360 hivi. Picha inabanwa mara tatu. Hizo 40 zinakuwa 13 mkononi mwa ami, na 13 ni maandishi madogo kwa kila hesabu. Ili tarakimu iitwe kubwa kwenye simu ingebidi iwe 72 kwenye faili, na ratiba ya siku thelathini yenye safu sita haiwezi kubeba hivyo. Kwa hiyo tarakimu zote za ndani zihesabu ndogo na uzidai 4.5. Kichwa cha ratiba peke yake ndicho kikubwa.

Namba nazo zisome kama zilivyo. 4.48 si 4.5. Kuna mfano ambao wasanifu wengi wanaujua: kijivu `#777777` juu ya nyeupe ni 4.48, imefeli, na `#767676` ni 4.54, imepita. Jicho haliwezi kuzitenganisha hizo mbili, ni kweli, lakini ukianza kusamehe sehemu ndogo leo, kesho utasamehe 4.1.

Umesema rafiki yako alikufundisha kuigeuza picha iwe kijivu ili uone kama maandishi yanabaki, nawe ulipofanya hivyo yakabaki. Hila hiyo ni nzuri, na mimi huitumia kabla hata ya kipimio, lakini inategemea kijivu kipi. Kwenye GIMP ukienda `Colors > Desaturate > Desaturate...` utaona orodha ya `Mode`. Ukichagua `Lightness (HSL)`, programu inachukua tu namba kubwa na ndogo ya rangi, inazijumlisha na kugawa kwa mbili. Machungwa yako inakuwa kijivu cha 141 na feruzi inakuwa 77 hivi. Kati ya vijivu hivyo viwili uwiano ni 2.55, na neno MAGHARIBI linaonekana vizuri tu. Njia hiyo haijui kwamba kijani kina uzito na buluu haina, kwa hiyo imekupa tofauti ambayo jicho halina. Chagua `Luminance`. Hapo machungwa inakuwa 165 na feruzi 137, vijivu viwili vinavyokaribiana, na neno linazama mbele ya macho yako kama linavyozama kwa ami. Nadhani rafiki yako alikuwa kwenye njia ile ya kwanza.

Kuna jambo la WhatsApp ambalo linaizidishia jozi mbovu ubovu. Picha ikipita kule inabanwa upya kuwa JPEG. Na JPEG ya aina hiyo kwa kawaida huhifadhi mwangaza kwa kila pikseli, lakini rangi huihifadhi kwa ukonde, pikseli nne zikigawana rangi moja. Herufi yenye tofauti ya mwangaza inafika ikiwa na kingo zake. Herufi iliyotegemea rangi tu, kama ile machungwa juu ya feruzi, inafika imesambaa kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Ndiyo maana ratiba iliyopendeza kwenye mashine yako imefika kwa ami ikiwa mbaya zaidi, kabla hata macho yake hayajaingia. Baada ya marekebisho jitumie mwenyewe ile picha, ipakue, na uchote rangi kutoka kwenye hiyo iliyorudi.

Ile ya ukutani sina mengi ya kukwambia kwa sababu hesabu hizi ni za skrini. Wino hauna nuru yake na mashine ya kuchapa ina tabia zake. Feruzi aghalabu inatoka ikiwa imepooza, na machungwa inaweza kuegemea manjano, jambo ambalo kwa tarakimu nyeusi ni faida. Jiwekee akiba: jozi iliyopita kwa upenyo, kama ile buluu ya 4.68, kwa karatasi usiitumie. Chapa kipande kimoja chenye kichwa, mistari mitano na mkanda wa chini, kiweke ukutani barazani saa za magharibi, taa ikiwa haijawashwa. Ndipo wakati ratiba hiyo itakapoangaliwa hasa, mtu amesimama na kokwa ya tende mkononi.

Na mfadhili akilalamika kuhusu mkanda wa `#006666`, usimtumie namba. Mtumie picha mbili zilizogeuzwa kijivu kwa `Luminance`, ya kwanza aliyoiomba na ya pili uliyoirekebisha, umwombe akusomee nambari ya simu ya kamati kwenye kila moja.